Alama ya CE iliyobanana: namna ya kuipima kwenye picha

*Shikamoo Mwalimu. Nina duka dogo la vifaa vya simu Ngamiani, hapa Tanga. Muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam amenitumia kwa WhatsApp picha za chaja anazotaka nichukue maboksi manne. Zina alama ya CE, lakini naona herufi zake zimebanana. Jirani yangu ananiambia alama iliyobanana ni nyingine kabisa, kifupi cha maneno ya kwamba bidhaa imetengenezwa Uchina kwa kuuzwa nje, kwa hiyo si kosa. Je, ni kweli? Na nitailinganishaje na alama halisi nami nina picha tu mkononi?*

Marahaba, mwanangu. Maelezo ya jirani yako nimeyasikia madukani kwa miaka mingi, na wanaoyasema wengi wao huyaamini kwa moyo safi, lakini si kweli. Hakuna alama rasmi ya Uchina yenye herufi hizo mbili. Jambo hili liliulizwa katika Bunge la Ulaya, na Kamisheni ya Ulaya ikajibu mwanzoni mwa mwaka 2008 kwamba haijui kuwepo kwa alama ya namna hiyo, na kwamba kile kinachoonekana kwenye bidhaa ni alama ya CE yenyewe, ile ambayo mtengenezaji hutamka kwayo kwamba bidhaa yake inafuata sheria za Ulaya, ila imechorwa bila kufuata vipimo na uwiano uliowekwa na sheria. Kwa hiyo mwenye kuibandika alama iliyobanana hajaweka alama nyingine halali. Ameweka ile ile kwa sura isiyoruhusiwa, ama kwa kutojua kuichora, ama kwa kutaka mnunuzi aione CE huku yeye akibaki na la kujitetea.

Sasa tuje kwenye umbo, maana hapo ndipo picha inapoweza kukusaidia. Alama ya CE haikuandikwa kwa fonti, bali imechorwa kwa bikari. C ni sehemu ya duara, na mgongo wa E nao ni sehemu ya duara lenye ukubwa ule ule. Chukua kimo cha alama, tangu juu kabisa hadi chini kabisa, ukigawe katika sehemu 20. Unene wa mwili wa herufi ni sehemu 3. Upana wa C peke yake ni sehemu 11, yaani ni nusu duara iliyovuka kidogo tu katikati yake. Kisha kuna mwanya, na mwanya huo ni mpana kuliko macho yetu yaliyozoea maandishi ya kawaida yanavyotarajia: kutoka ncha za C hadi mgongo wa E ni sehemu 6, mara mbili ya unene wa herufi. Upana wa alama nzima ni sehemu 28, kwa hiyo upana ukiugawa kwa kimo unapata 1.4. Tena utazame mikono ya E. Mkono wa juu na wa chini huishia mahali pamoja, lakini wa kati ni mfupi kwa sehemu 2.

Mwanya huo mpana una sababu yake. Ukiikamilisha C kwa bikari iwe duara zima, ukingo wa nje wa duara hilo upande wa kulia utaukata mwili wa E na kugusa ukingo wa ndani wa mgongo wake, palepale mkono wa kati unapoanzia. Hausimami kabla ya hapo, wala hauendi mbele zaidi. Jaribio hilo la duara ni zuri kwa sababu halihitaji hesabu yoyote: unaichapisha picha kwenye karatasi, unatafuta kitovu cha C, unazungusha bikari, unatazama mstari umeangukia wapi. Kwenye alama iliyobanana mstari utapita mgongo wa E na kuzama ndani ya mkono wa kati, wakati mwingine hadi katikati yake. Kwenye alama iliyovutwa kwa upana au kwa urefu, bikari haitaufuata hata mgongo wa C yenyewe, kwa kuwa C imekuwa yai.

Hata hivyo, kwa picha za simu mimi sianzi na mwanya, ingawa ndio unaolalamikiwa na kila mtu. Mwanya ni kitu chembamba chenye kingo mbili, na kila kingo ina ukungu wake. Wino ukisambaa kidogo kwenye plastiki, herufi hunenepa na mwanya hupungua bila mtu kukosea mchoro. Alama ikiwa imefinyangwa kwenye plastiki yenyewe badala ya kuchapwa, kivuli cha taa huangukia upande mmoja na kuufanya mwanya uonekane finyu zaidi. Kwa hiyo napima kutoka ukingo wa kushoto wa C hadi ukingo wa kushoto wa E. Wino ukinenepesha, umenenepesha kingo zote mbili kuelekea upande mmoja, na umbali kati yake haubadiliki. Umbali huo kwenye alama halisi ni sehemu 17 kati ya zile 20 za kimo, yaani kimo mara 0.85. Ukiikumbuka namba hii moja, umebeba karibu kipimo chote.

Lakini picha yenyewe inaweza kusema uongo kabla alama haijasema. Simu ikishikwa upande, vitu vyote hujibana kwa upana, na chaja isiyo na kosa itaonekana ina kosa. Ndiyo maana kabla ya kupima alama unayoishuku, unapima kwanza kitu kingine kilicho kwenye uso ule ule ambacho umbo lake unalijua. Kwenye chaja nyingi kipo tayari: ile alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kwamba kifaa kina kinga mbili dhidi ya umeme na hakitegemei waya wa ardhi. Miraba hiyo inapaswa kuwa miraba kweli, upana sawa na kimo. Isipokuwa hivyo, picha imepinda, au lebo nzima imevutwa.

Nimeipima moja ya picha ulizonitumia, ile ambayo lebo yake inasomeka vizuri. Nilifanya hivi, nawe unaweza kurudia: nilifungua picha, nikaikata kwa kubana kabisa kingo za mraba wa nje, nikaihifadhi kama nakala, kisha nikasoma vipimo vyake kwenye maelezo ya picha. Upana ulikuwa pikseli 84 na kimo pikseli 96. Mraba hauwezi kuwa hivyo, kwa hiyo aliyepiga picha alisimama upande, na kila upana kwenye lebo hiyo lazima uzidishwe kwa 96 na kugawanywa kwa 84 ndipo urudi kwenye hali yake. Nikaikata alama ya CE kwa njia ile ile. Kimo kilikuwa pikseli 160, upana wote 172. Ningehukumu hapo hapo ningesema uwiano ni 1.08, nikashangaa alama mbovu kiasi gani, na ningekuwa nimemwonea muuzaji wako kwa kosa la mpiga picha. Baada ya kuurekebisha, upana ukawa karibu 197, na uwiano 1.23. Bado si 1.4.

Kisha nikapima ukingo wa kushoto wa C hadi ukingo wa kushoto wa E. Picha ilinipa pikseli 95, ambazo baada ya kurekebishwa ni karibu 109. Kwa kimo cha 160, alama halisi ingenipa 136. Upungufu ni pikseli 27, na hata nikikubali kwamba ukungu wa kila kingo umenipotosha kwa pikseli 2 au 3, siwezi kuufuta upungufu huo. Nikatazama na mkono wa kati wa E: unalingana na ya juu na ya chini, haujafupishwa. Basi mchoraji hakuiga mchoro rasmi hata kidogo. Aliiangalia CE mahali fulani, akaichora kwa kukumbuka, akaziweka herufi karibu kama zinavyokaa kwenye neno lolote. Alama kwenye chaja hiyo ina uwiano usio sahihi. Hilo naweza kulisema kwa uhakika.

Picha zako nyingine sikuzipima, na nisingependa uzipime wewe. Kwenye picha ya boksi zima, alama ina kimo cha pikseli 30 hivi. Hapo mwanya halali ungekuwa pikseli 9 na uliobanana pikseli 4, na tofauti hiyo yote inaweza kumezwa na ukungu ambao WhatsApp huuongeza inapoipunguza picha. Kanuni yangu mwenyewe ni kwamba alama isiyofika kimo cha pikseli 100 siitolei hukumu, iwe nzuri au mbaya. Mwombe muuzaji apige upya, simu ikiwa imeelekea lebo wima, kwenye mwanga wa mchana bila mweko wa kamera, na aitume kwa kitufe cha Document badala ya kuituma kama picha, ili ifike bila kupunguzwa. Kama lebo haina alama ya miraba miwili, aweke sarafu ya duara, ile ya shilingi 200 inafaa, juu ya uso ule ule wa chaja karibu na alama. Isiwekwe mezani pembeni, kwa sababu meza iko chini zaidi na pembe yake kwa kamera si ile ile. Sarafu ikitokea duara kamili kwenye picha, unapima bila kurekebisha. Ikitokea yai, upana na kimo chake vinakupa marekebisho kama vile miraba ilivyonipa mimi. Sarafu itakufaa pia kujua ukubwa halisi: pima kipenyo chake kwa rula, kisha ulinganishe, kwa maana sheria ya Ulaya inataka CE isipungue kimo cha milimita 5, isipokuwa pale ambapo kanuni za bidhaa husika zinaruhusu vingine.

Kuhusu alama ya kulinganishia, usichukue picha ya chaja nyingine dukani kwako ukaifanya kipimo, hata kama ni ya kampuni kubwa, kwa sababu nayo inaweza kuwa imeigwa na utakuwa unapima kigeugeu kwa kigeugeu. Mchoro rasmi unapatikana bure kwenye tovuti ya Kamisheni ya Ulaya, pamoja na miraba yake ya kuchorea. Uupakue, uukuze hadi kimo chake kilingane na kimo cha alama kwenye picha yako iliyokwisha kurekebishwa, kisha uweke mmoja juu ya mwingine ukifananisha ukingo wa kushoto wa C. Ukichapisha mchoro rasmi kwenye karatasi nyembamba ya kunakilia, ile wanayotumia mafundi cherehani na wanafunzi wa ramani, unaweza kuulaza juu ya picha iliyochapwa na kuona kwa jicho moja E imeangukia wapi. Mimi naipenda njia hii kuliko namba pale ninapotaka kumwonyesha mtu mwingine, kwa maana muuzaji anaweza kubishana na hesabu zako, lakini hawezi kubishana na E mbili zisizokaa pamoja.

Sasa nikuambie jambo ambalo sitaki likupite, kwa kuwa ndilo linalowapoteza hata wanaojua kupima. Alama iliyochorwa sawasawa haithibitishi kwamba chaja ni salama. Mchoro rasmi uko wazi kwa kila mtu, na mwigaji mwenye kompyuta anaweza kuuweka kwenye lebo bila kukosea hata nukta. Zaidi ya hapo, kwa chaja ya kawaida ya simu, CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa yake inafuata sheria za Ulaya. Si cheti alichopewa na maabara fulani baada ya kuipima. Zipo bidhaa ambazo CE hufuatwa na namba ya tarakimu nne ya chombo kilichohusika katika ukaguzi, kama vifaa vingi vya tiba, lakini sheria ya Ulaya ya usalama wa vifaa vya umeme wa kawaida haina utaratibu huo. Ukiona chaja ya kawaida ya waya ina CE na namba ya tarakimu nne pembeni, usifarijike. Jiulize namba hiyo imeingiaje.

Na kinyume chake pia ni kweli, ingawa si mara nyingi. Kiwanda cha haki kinaweza kuwa na mchora lebo asiyejua, akapiga herufi C na E kwa fonti iliyokuwa kwenye kompyuta yake. Kosa hilo utalitambua kwa urahisi, maana E yake itakuwa na mgongo ulionyooka badala ya mviringo. Ni ukiukaji wa sheria, lakini si ushahidi kwamba ndani kuna saketi mbovu. Kwa hiyo kosa la uwiano lichukue kama harufu ya gesi jikoni: hujui bado imetoka wapi, ila hutawasha kiberiti.

Kwenye lebo zako nimeona pia alama ya usalama ya UL ya Marekani ndani ya duara. Sitaikalia sana, ila tazama jambo moja. Katika alama halisi ya UL ya duara, U imekaa juu kidogo kushoto na L imeshuka kulia, kama ngazi. Kwenye lebo yako zimesimama bega kwa bega. Hayo ni makosa mawili ya uwiano kwenye alama mbili zisizohusiana, ndani ya lebo moja, na hapo shaka yangu inaongezeka zaidi ya mara mbili, kwa kuwa ni vigumu kuamini kiwanda kimoja kimekosea zote mbili kwa bahati mbaya.

Shaka ikishaingia, picha hiyo hiyo inaweza kukuonyesha hatari yenyewe, si alama yake tu. Chaja zako zina plagi ya pini tatu za mstatili, ile ya kiwango cha Uingereza cha BS 1363. Umbali kati ya katikati ya pini ya moto na katikati ya pini ya pili ya chini ni milimita 22.2, na tangu ubavu wa pini hizo hadi ukingo wa plagi kiwango kinataka pasipungue milimita 9.5, ili kidole cha mtoto anayechomoa plagi kisifike kwenye chuma kikiwa na umeme. Mwombe muuzaji picha ya uso wa pini, iliyopigwa wima. Kama katikati ya pini hadi katikati ni pikseli 222, basi kila milimita ni pikseli 10, na ukingo unapaswa kuwa mbali angalau pikseli 95. Nimewahi kushika chaja ambazo ukingo wake ulikuwa nusu ya hapo, na zote zilikuwa na CE mgongoni. Tazama vilevile pini ndefu ya juu, ile ya ardhi. Pini mbili za chini zinatakiwa kuwa na ala ya plastiki karibu na mwili wa plagi, lakini ya ardhi, ikiwa ni ya chuma, haitakiwi kuvikwa ala, kwa sababu ala huizuia isigusane vizuri na soketi. Ukiiona ya chuma imevikwa, aliyeitengeneza hakuelewa pini ile ni ya kazi gani.

Tena usisahau kwamba CE ni alama ya soko la Ulaya. Hapa kwetu anayesimamia viwango ni TBS, na mzigo ulioingizwa nchini kwa utaratibu huwa na cheti cha ulinganifu kinachotokana na ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, utaratibu ambao TBS iliuanza mwaka 2012. Muuzaji wa jumla aliyeingiza mwenyewe anacho, na aliyenunua kwa mwingizaji anaweza kukipata. Kisome: aina ya chaja na jina la mtengenezaji kwenye cheti vinapaswa kuwa vile vile vilivyo kwenye lebo. Lebo uliyonitumia haina jina wala anwani ya mtengenezaji popote, kwa hiyo sioni cheti chochote kitalinganishwa na nini.

Hivyo kwa maboksi haya manne, mimi nisingetuma fedha. Mwandikie kwa heshima, kama mtu mnayeendelea kufanya biashara naye: "Ndugu, nimeipima CE kwenye lebo, haina uwiano wa mchoro rasmi, na UL nayo imekosewa. Naomba picha ya lebo iliyopigwa wima yenye sarafu juu yake, picha ya uso wa pini, na nakala ya cheti cha ulinganifu cha mzigo huu, ndipo tuzungumze malipo." Akikuletea vyote vitatu, nitumie nami nivitazame. Akikujibu kwa simulizi ile ya jirani yako, nunua kwa mwingine.